Nashiba mchana, saa tisa namaliza pakiti za krispi

Shikamoo Anti.

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nina duka la rejareja Mbagala. Mchana nakula vizuri tu, wali au ugali na maharage, nashiba. Ikifika saa tisa wateja wakipungua, mkono unaanza kwenda wenyewe kwenye krispi zinazoning'inia pembeni yangu. Nikimaliza za chumvi natamani biskuti za krimu, nikimaliza biskuti nashushia soda, halafu narudi kwenye krispi. Siku nyingine nafikisha pakiti tatu na biskuti juu, na usiku bado nakula na familia. Magauni yamebana, mtaji unapungua, na mume wangu anasema ni ulafi. Mwezi uliopita niliapa kuacha. Nikakaa wiki nzima bila kugusa kitu, kisha nikala kuliko mwanzo. Kinachonishangaza, karanga za kuchemsha za maganda nikinunua nakula kidogo tu nakinai. Krispi sikinai. Je, kweli huu ni ulafi? Na nitaachaje wakati duka ndilo linalotulisha?

Mama Duka, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Hilo neno ulafi tuliweke pembeni, maana haliwezi kueleza kwa nini mtu yuleyule, mwenye tumbo lilelile, anakinai karanga na hakinai krispi. Kilichobadilika hapo ni chakula, wewe hujabadilika. Kwa hiyo tukichunguze chakula chenyewe.

Leo mchana fanya jambo moja. Chukua krispi moja, zile nyepesi za mahindi, iweke juu ya ulimi na usitafune. Utaisikia inalainika, inasinyaa, na baada ya muda mfupi umebaki na ujiuji wenye chumvi unaoteremka wenyewe kooni. Kisha chukua punje ya karanga ya kuchemsha uiweke vilevile. Itakaa palepale mpaka uamue kuitafuna, na ukishaitafuna utaitafuna sana kabla haijamezeka. Na kabla ya hapo ulishafanya kazi ya kupasua ganda.

Sababu iko kiwandani. Krispi za aina hiyo hutengenezwa kwa chenga za mahindi zilizoloweshwa kidogo, zikasukumwa na parafujo kubwa ndani ya bomba lenye joto kali na mgandamizo. Zikitokea kwenye tundu dogo mwisho wa bomba, mgandamizo unaachia ghafla, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuzivimbisha. Baada ya hapo hukaushwa, hupakwa mafuta, na kunyunyiziwa unga wa ladha. Wanga wa mahindi umeshapikwa na kusambaratishwa, nyuzinyuzi zimebaki kidogo, na kazi ambayo meno yako yangeifanya kwenye punje za mahindi imeshafanywa na mashine. Krispi za viazi hupita njia nyingine, hukatwa nyembamba na kukaangwa mpaka maji karibu yote yaishe, lakini mwisho wake ni uleule: kitu kikavu, chepesi, kinachovunjika kwa kugusa jino mara mbili tatu.

Sasa angalia shibe inavyofanya kazi. Tumbo linapotanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo nao hutoa homoni za shibe. Habari hizo hazifiki papo hapo, huchukua dakika kadhaa, mara nyingi karibu 20. Sahani ya viazi vitamu ukiila kwa dakika 15, shibe inakukuta bado uko mezani. Pakiti ya krispi inaisha kwa dakika tatu au nne, na ya pili inafuata kabla ya ya kwanza kuhesabiwa. Ndiyo maana unajisikia umejaa baadaye, wakati pakiti zimeshalala chini ya kaunta.

Jambo hili limepimwa kwa uangalifu. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 20 waliokubali kuishi hospitalini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya asili vilivyopikwa kawaida, wengine wakianza na hivi, wengine na vile. Kilichowekwa mezani kwa pande zote mbili kililinganishwa: kalori, sukari, mafuta, chumvi, hata nyuzinyuzi. Kisha kila mmoja aliambiwa ale kiasi anachotaka, asijizuie wala asijilazimishe. Walipokuwa kwenye vyakula vya kusindikwa walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku, na ndani ya wiki mbili wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya asili walipungua kiasi hichohicho. Na walipoulizwa, hawakusema kwamba chakula cha kusindikwa kilikuwa kitamu kuliko kile kingine.

Hapo ndipo ninapotaka umwambie baba watoto asikilize. Ni watu walewale 20. Hawakuwa walafi wiki mbili wakatubu wiki mbili zilizofuata. Walichobadilishiwa ni sahani tu, na moja ya tofauti zilizoonekana wazi ni kwamba kile cha kusindikwa walikila kwa kasi zaidi. Utafiti ule ulikuwa mdogo na wa muda mfupi, hauwezi kutuambia kila kitu kuhusu mtu wa Mbagala anayekaa dukani mwaka mzima. Lakini kwa swali lako la ulafi unatosha.

Kuna jambo la pili, nalo linaonekana ukiweka vitu kwenye mzani. Siku yako mbaya ni pakiti tatu za krispi, pakiti ya biskuti za krimu, na soda. Tuseme kila pakiti ya krispi ina gramu 30 na ya biskuti gramu 50. Za kwako zina uzito gani utasoma mwenyewe nyuma ya pakiti. Krispi huwa na karibu kalori 530 kwa gramu 100, kwa hiyo pakiti tatu ni karibu 480. Biskuti za krimu ni karibu 240. Soda ya mililita 350 ni karibu 145, na ndani yake kuna sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Jumla ni kalori 865 hivi, ambazo kwa mtu wa kawaida zinazidi mlo mzima wa mchana. Lakini vitafunwa vyenyewe, ukiacha soda, vina uzito wa gramu 140 tu. Tumbo halijapata kitu cha kulitanua.

Linganisha na viazi vitamu vya kuchemsha gramu 250, yaani viwili vya wastani, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha. Viazi vitakupa kati ya kalori 200 na 300 kutegemea aina, maana vile vyeupe vya unga vina kalori nyingi kuliko vile vya njano vyenye majimaji. Mayai ni karibu 150. Jumla ni 350 hadi 450, karibu nusu ya vile vya kwanza, lakini uzito ni gramu 350. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji, wakati krispi imenyang'anywa maji yake karibu yote. Na yai lina protini, ambayo inashikilia shibe muda mrefu kuliko wanga mtupu.

Usije ukadhani siri yote ni kalori. Karanga kavu za kukaanga zina kalori nyingi kama krispi, hata zaidi kidogo, na bado hazikupeleki mbio. Zina protini na nyuzinyuzi, zinataka kutafunwa, na hata ukizitafuna vizuri, sehemu ya mafuta yake hubaki imefungwa ndani ya vipande vidogo na kutoka bila kufyonzwa. Za kuchemsha zimenywa maji, ndiyo maana zinakukinaisha haraka zaidi. Ila karanga zilizomenywa, zikakaangwa na kupakwa chumvi nyingi, zikiwekwa kwenye bakuli mbele yako, zinaweza kukushinda vilevile. Ganda linakusaidia kuliko unavyodhani.

Tuje kwenye ule mzunguko wako wa chumvi, utamu, soda, kisha chumvi tena. Ulimi huchoka na ladha moja. Ukila wali mwingi unafika mahali wali hautaki tena, lakini mtu akileta embe unapata nafasi. Ndivyo tulivyoumbwa, na zamani ilitusaidia kula vitu mbalimbali. Kwenye kaunta yako uchovu huo haupati nafasi ya kukusimamisha: chumvi ikianza kukuchosha, biskuti iko umbali wa mkono; utamu ukizidi, gesi ya soda inasafisha mdomo na chumvi inakuwa mpya tena. Zaidi ya hapo, mafuta na chumvi kwa pamoja, au mafuta na sukari kwa pamoja, kwa kiwango kinachopatikana kwenye pakiti hizi, ni mchanganyiko ambao ni nadra kuukuta kwenye chakula cha asili. Kiazi kina wanga bila mafuta. Karanga ina mafuta bila sukari ya maana. Embe lina sukari bila mafuta. Biskuti ya krimu ina vyote.

Mtu aliyetusaidia kuvitenga vyakula hivi ni Carlos Monteiro, profesa wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, aliyeanza kuvipanga kwa kiwango cha usindikaji mwaka 2009. Kwa mpango wake, unga wa dona, maziwa, maharage makavu na mafuta ya kupikia ya duka lako haviko kwenye kundi la tatizo, ingawa vyote vimepita kiwandani. Namna rahisi ya kulitambua kundi lenyewe ni kugeuza pakiti na kusoma viambato. Ukikuta karanga, mafuta na chumvi, hivyo unavyo jikoni. Ukikuta maltodekstrini, viimarisha ladha kama E621, ladha za kutengenezwa, rangi na vitu vya kuzuia mafuta na maji visitengane, hicho ni chakula kilichobuniwa. Sisemi kwamba E621 ni sumu, siyo. Nasema uwepo wake unakueleza kwamba kuna mtu aliyekaa kutafuta ladha itakayokurudisha kwenye pakiti.

Na hapa nikutahadharishe na mtego mmoja. Krispi za muhogo zinazokaangwa mtaani na kufungwa kwenye nailoni hazina viambato hivyo, ni muhogo, mafuta na chumvi. Lakini ni nyembamba, kavu, na zina chumvi, kwa hiyo zinakwenda mbio kama za kiwandani. Wengi huzihamia wakidhani wamepona. Muhogo wa kuchemsha ni kitu kingine kabisa, hata ukiutia nazi kidogo.

Sasa tuseme utafanya nini.

Ile wiki yako ilishindwa kwa sababu uliondoa kitu na hukuweka kitu. Tuseme unakula mchana saa saba, familia inakula usiku, pengine saa mbili. Hayo ni masaa saba. Katikati yake njaa ya kweli lazima ije, na ilipokuja ilikukuta umekaa katikati ya pakiti. Kwa hiyo usianze kwa kuapa. Anza kwa kupika asubuhi.

Wakati chai iko jikoni, weka sufuria ya pili yenye viazi vitamu au vipande vya muhogo au mahindi mabichi, na mayai mawili humohumo. Mayai yaoshe kwanza, na muhogo uwe ule mtamu, umemenywa, umepikwa mpaka uive kabisa. Ukiondoka nyumbani unabeba kopo lako limefungwa. Siku ambayo hukupika, nunua ndizi mbivu mbili na karanga za kuchemsha za maganda kwa yule unayemjua. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, au zenye uchungu, tema na utupe. Huo ni uwezekano wa sumukuvu, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa hiyo hili usilipuuze kwa kuogopa hasara ya shilingi mia mbili.

Kopo lifungue saa tisa kamili, kabla mkono haujaanza kutembea. Usisubiri njaa ikubane, maana mtu mwenye njaa kali hachagui kiazi. Kaa chini, menya, tafuna, kunywa maji. Vikiisha, subiri dakika 20 kabla hujajiuliza kama umeshiba. Kama bado unataka kitu, jiulize: ningepewa kiazi kingine ningekila? Kama jibu ni ndiyo, una njaa, kula kiazi. Kama kiazi hukitaki ila krispi tu, hiyo ni hamu, na hamu ina tabia ya kupanda na kushuka. Inuka upange mzigo, piga hesabu ya siku, mtafute jirani wa duka la pili uzungumze naye. Nimewaona wengi hamu ikiwaishia kabla hawajamaliza kufuta rafu.

Wakati mwingine unachotaka ni ule mlio na chumvi mdomoni, siyo chakula. Hiyo nayo ina dawa. Embe bichi lililokatwa vipande na kutiwa chumvi kidogo na pilipili, tango lenye ndimu, karoti mbichi. Hata bisi unazopika mwenyewe kwa kijiko kimoja cha mafuta, maana bisi ni punje nzima ya mahindi na bakuli zima lina uzito mdogo sana. Bisi usizitie sukari wala majarini nyingi, la sivyo umerudi kulekule. Na kashata, mwanangu, naipenda na ni ya kwetu, lakini ni sukari iliyoshikamana na karanga au nazi. Uile kama kitu cha sikukuu.

Soda ndiyo ningeianza kuliko vyote. Sukari ya kunywa haihesabiwi vizuri na mwili. Ukinywa kalori 145 za soda, usiku hutapunguza ugali kufidia. Na kwako soda inafanya kazi ya pili, inakufungulia duru mpya ya krispi. Weka chupa ya maji ya baridi pale unapokaa. Ukitaka ladha, kamulia ndimu, au loweka ukwaju nyumbani na uutie sukari kidogo unayoiona kwa macho yako. Chai ya rangi yenye tangawizi nayo inafaa, ili mradi vijiko vya sukari visirudi kwa mlango wa nyuma.

Duka lenyewe hatuwezi kulihama, lakini kiti chako tunaweza. Ulisema krispi ziko pembeni yako. Zihamishe upande wa mteja, juu, mahali ambapo ili uzifikie lazima usimame na uzunguke. Wateja watazidi kuziona, wewe utapungukiwa na ule urahisi wa kunyoosha mkono huku unatazama simu. Pembeni ya kiti weka vitu ambavyo hutavila: sabuni, viberiti, betri.

Halafu daftari. Sasa hivi pakiti unayokula inatoka kwenye rafu bila kuandikwa, ndiyo maana unaona mtaji unapungua na hujui unakokwenda. Kuanzia kesho, kabla hujachana pakiti yoyote, toa fedha kwenye pochi yako uiweke kwenye boksi la mauzo, kwa bei anayonunua mteja, kisha uandike. Sikutozi faini. Kitendo cha kusimama, kutoa fedha na kuandika kinachukua nusu dakika, na nusu dakika hiyo ndiyo inayogeuza mkono uliokuwa unakwenda wenyewe kuwa mtu anayeamua. Mwisho wa wiki jumlisha. Jumla hiyo mwonyeshe baba watoto ukiona inakufaa, maana ugomvi wa ulafi hugeuka haraka kuwa mazungumzo ya mtaji, na hayo mnaweza kuyamaliza pamoja.

Siku ukiamua kula krispi, uzile. Usizikatae kabisa, tumeona kuapa kulivyokufikisha. Ila uzile baada ya kile kiazi, pakiti moja, umeimimina yote kwenye sahani na kukunja pakiti kando. Ukila ndani ya pakiti huoni umebakiza kiasi gani, mkono unatafuta mpaka uguse chini. Kwenye sahani macho yanashuhudia. Na siku ya krispi isiwe siku ya biskuti wala soda, ili ule uchovu wa ladha moja ufanye kazi yake.

Chakula cha mchana kiangalie pia kidogo. Kama sahani ni wali mwingi na maharage ya kulowanishia, geuza: maharage yajae nusu ya sahani, mchicha au matembele robo, wali robo. Maharage ni protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na utaona saa tisa inakuja kwa upole zaidi.

Utajuaje kama mambo yanakwenda? Usikimbilie mzani wa kilo kila asubuhi, maji ya mwili yanapanda na kushuka na yatakuvunja moyo bure. Tazama vitu viwili: idadi ya pakiti kwenye daftari kwa wiki, na jinsi unavyofika mezani usiku. Ukifika una njaa ya kawaida na unakula na wanao kwa raha, mpango unafanya kazi. Ukifika umejaa na unakula kwa mazoea, kopo la saa tisa bado limezidiwa na kaunta. Ukifika unatetemeka kwa njaa, kopo ni dogo, ongeza kiazi au yai. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona mara nyingi kwa kina mama: wanapunguza kwa furaha wiki ya kwanza, wanapunguza tena wiki ya pili, na wiki ya tatu pakiti zinawarudisha. Chakula cha kubadilishia kiwe cha kushiba kweli.

Mambo mawili yasiwe ya kusubiri. Kama unakula kwa kujificha, mpaka unaumwa tumbo, ukajisikia kuchukia nafsi yako au kujitapisha, hilo ni la kumwona daktari au mshauri nasaha, na ni ugonjwa unaotibika. Na kama pamoja na haya una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara usiku, unachoka bila sababu au unaona ukungu, nenda kituo cha afya wakupime sukari kwenye damu, hasa kama nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari au ulipata sukari ukiwa mjamzito. Waulize kama wanataka uje asubuhi bila kula. Wakisema ndiyo, usile chochote kwa masaa nane kabla ya kipimo, maji tu, na kopo lako la viazi ubebe ule ukitoka.